Pampu Hupokelewa Mara Mbili

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi wa maji na umeme waliokutana hapa Mtwara mjini. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu wa Nachingwea, Liwale na Kilwa ambao hawakuweza kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu zangu mafundi, kaka zangu na dada zangu, wazee wangu mliokaa mbele, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na safari, hasa ninyi mliotoka Newala alfajiri.

Niwaulize swali moja kabla sijaendelea. Nani kati yetu amewahi kusimama mbele ya pampu mpya kabisa, rangi bado inang'aa, cheti cha kiwanda kipo mkononi, na maji hayafiki yanakotakiwa? Nyosheni mikono. Naona mikono mingi. Sasa wale walionyosha, nani alijua siku ileile kosa liko kwenye pampu, kwenye bomba au kwenye umeme? Mikono imepungua. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Pampu hupokelewa mara mbili. Mara ya kwanza kiwandani, kabla haijafungwa kwenye kasha. Mara ya pili saiti, ikiwa imekaa juu ya msingi wake, na bomba lake, umeme wake na maji yake. Kwenye nyaraka za miradi mtaona herufi FAT kwa jaribio la kiwandani na SAT kwa jaribio la saiti. Mimi leo nitasema jaribio la kiwandani na jaribio la saiti, maana ndivyo tunavyosema tukiwa kazini. Watu wengi wanadhani la pili ni marudio ya la kwanza. Si marudio. Kila moja linajibu swali lake, na anayeuliza swali la saiti kiwandani hapati jibu.

Tuanze kiwandani. Swali la kiwandani ni hili: je, mtambo huu ndio tulioagiza? Basi. Kiwandani kuna tangi la maji safi, mita ya mtiririko iliyopimwa, geji nzuri, umeme usioyumba. Pampu inawekwa hapo, inaendeshwa, halafu fundi anafungua valvu kidogo kidogo. Kila hatua anaandika vitu viwili vikubwa: maji mangapi kwa saa, na kimo, yaani pampu inayasukuma maji kwa nguvu ya kuyapandisha mita ngapi.

Niwape mfano wa pampu niliyoishughulikia mwenyewe. Mkataba ulitaka mita za ujazo 150 kwa saa, kwenye kimo cha mita 60. Karatasi ya kiwandani ilikuwa na vipimo vitano. Valvu ikiwa imefungwa kabisa, kimo mita 72. Kwenye mita za ujazo 75 kwa saa, kimo 69. Kwenye 112, kimo 66. Kwenye 150, kimo 60.5. Kwenye 180, kimo 53. Mkiviunganisha mnapata mstari unaoteremka, na mstari huo ni wa pampu hiyo moja tu, yenye namba hiyo iliyogongwa kwenye bamba lake. Pampu pacha yake iliyotoka kiwanda kilekile wiki ileile ina mstari wake.

Hapo niseme jambo ambalo mara nyingi linapitwa kwenye zabuni. Hakuna pampu inayotoa 150 kamili. Kiwango cha ISO 9906 kinataja madaraja ya kukubali, na madaraja hayo hayafanani. Kwa daraja la 2B, mtiririko unaruhusiwa kupishana na ahadi kwa asilimia 8 juu au chini, na kimo kwa asilimia 5. Kwa daraja la 1B ni asilimia 5 na asilimia 3. Kama mkataba wenu umesema tu "pampu ijaribiwe kiwandani" bila kutaja daraja, mtakaa mezani na mgavi mkibishana, na kila mtu atakuwa na haki yake. Daraja liandikwe siku ya kuagiza.

Na mwakilishi wetu akienda kule, au akishuhudia kwa video kama siku hizi inavyofanyika, aangalie nini? Aangalie mota. Ndiyo, mota. Viwanda vingi vina mota ya karakana ambayo hujaribia pampu zote. Hilo si kosa, linaruhusiwa, lakini liandikwe. Lisipoandikwa, nyinyi huku mtadhani mota mliyoletewa imeshaendeshwa na pampu yenu, kumbe hazijawahi kuonana. Halafu aangalie cheti cha ugezi cha kila geji, namba na tarehe. Geji isiyo na cheti inatoa namba, lakini namba hiyo haiwezi kumtetea mtu.

Sasa je, kiwandani wanaweza kujua bomba letu lina urefu gani? Wanaweza kujua lori litaruka vipi kwenye barabara ya kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar es Salaam mpaka hapa? Wanajua fundi wetu ataunganisha fezi kwa mpangilio gani? Hawajui. Na hawapaswi kujua. Swali hilo ni la saiti.

Swali la saiti ni hili: je, mtambo ule uliofaulu kule umefika mzima, umefungwa sawasawa, na unaelewana na vitu vinavyouzunguka? Narudia neno hilo, unaelewana. Pampu na bomba. Mota na umeme. Sensa na paneli.

Niwarudishe kwenye pampu yangu. Ilikuwa inapandisha maji kutoka bondeni kwenda kijiji cha juu. Ninyi wa Uwanda wa Makonde mnaijua habari hii kuliko mimi: maji yako chini, watu wako juu. Siku ya kwanza tuliiwasha, maji yakatoka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia geji, nikaona kimo cha valvu iliyofungwa ni kama mita 39. Kiwandani kilikuwa 72. Mnaniona? Maji yanatoka, lakini nguvu ni kama nusu. Fezi mbili zilikuwa zimepishana, mota inazunguka kinyume. Pampu ya aina hii ikizunguka kinyume bado inasukuma maji, ndiyo maana inadanganya. Mtu asiye na karatasi ya kiwandani angesema inafanya kazi. Na kwa kweli tulikosea kuifikisha hapo: mwelekeo wa mota hupimwa kaplingi ikiwa imefunguliwa, kabla pampu haijazungushwa, maana kuna impela zilizokazwa kwa nyuzi ambazo zikizungushwa kinyume hufunguka na kuvunja kila kitu ndani.

Tukabadilisha fezi. Tukawasha tena. Mita ya mtiririko ikasoma 118. Mkataba unasema 150. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenye mradi anasema pampu mbovu, irudishwe. Mkandarasi anasema pampu nzima, mita ndiyo mbovu. Mgavi kwenye simu anasema umeme wenu mdogo. Ninyi mngemwamini nani?

Hakuna haja ya kumwamini mtu. Tulifanya jambo la dakika moja. Tulifunga valvu ya kutolea maji huku pampu inaendelea kuzunguka, tukasoma geji mbili. Ya kutolea ilisoma bar 7.2, ya kuvutia bar 0.2. Tofauti ni bar 7.0. Bar moja ni takriban mita 10.2 za maji, kwa hiyo kimo ni mita 71.4. Kiwandani kilikuwa 72. Tofauti ni ndogo mno. Maana yake impela ni ileile, saizi ni ileile, mwelekeo sasa ni sahihi, kasi ni sahihi, ndani hakuna kilichovunjika njiani.

Angalizo kabla mtu hajaenda kujaribu nyumbani. Hili hufanywa kwa pampu hizi zetu za impela tu, zinazotupa maji kwa kuzunguka. Pampu ya pistoni au ya skrubu ukiifungia valvu utapasua bomba au pampu yenyewe. Na hata kwa hizi zetu, soma haraka, fungua. Maji yaliyofungiwa ndani yanapata joto upesi. Geji zako mbili ziwe kwenye usawa mmoja, la sivyo uongeze au upunguze tofauti ya urefu kati yao.

Tukafungua valvu, tukaacha pampu ifanye kazi yake ya kawaida. Geji ya kutolea 6.6, ya kuvutia 0.2. Tofauti 6.4, ambayo ni mita 65.3. Nikaichukua karatasi ya kiwandani mbele ya wote. Kwenye mstari ule, kimo cha 65 na kidogo kinaangukia wapi? Kinaangukia kwenye mtiririko wa kama 118. Ileile namba ya mita! Pampu iko juu ya mstari wake. Mita ya mtiririko nayo inasema kweli, kwa sababu vitu viwili visivyojuana vimetoa jibu moja. Basi kilichobaki ni bomba. Bomba linaikataza pampu zaidi ya mchoro ulivyohesabu. Tukafuata njia ya bomba kwa miguu, na baada ya kilomita tatu hivi tukakuta valvu iliyofunguliwa nusu. Iliachwa hivyo siku ya kupima bomba kwa presha, na hakuna aliyeandika kuifungua.

Ndugu zangu, kama karatasi ile ya vipimo vitano isingekuwepo, pampu nzima ingefungwa kwenye kasha na kurudishwa. Kama ingekuwa ni karatasi yenye neno moja tu, "imefaulu", isingetusaidia hata kidogo. Neno "imefaulu" halina mstari. Tulichohitaji ni namba.

Sasa nije kwenye jambo la pili, sensa na paneli, kwa sababu hapa ndipo kiwandani kunapodanganya watu bila mtu yeyote kusema uongo.

Paneli ya kuendesha pampu hujaribiwa kiwandani bila tangi wala maji. Fundi ana kifaa kidogo kinachotoa umeme wa miliampia, anajifanya yeye ndiye sensa. Anatoa miliampia 4, paneli inaonyesha tangi tupu. Anatoa 20, paneli inaonyesha limejaa. Anatoa 12, inaonyesha nusu. Kila kitu safi, saini zinapigwa. Na ni safi kweli, paneli haina kosa. Lakini je, wamejaribu sensa? Hawajaijaribu. Sensa ilikuwa kwenye boksi lingine, pengine kutoka nchi nyingine.

Kwenye mradi mmoja, tangi la juu lilikuwa na kina cha mita 4. Paneli ilipangwa hivi: miliampia 4 ni sifuri, 20 ni mita 4, pampu izime maji yakifika mita 3.8. Sensa iliyoletwa ilikuwa ya mita 5. Hesabuni nami. Maji yakiwa mita 4 kamili, yaani tangi limejaa mpaka ukingoni, sensa ya mita 5 inatoa miliampia 16.8. Paneli inaisoma hiyo kama mita 3.2. Inasema, bado, endelea kusukuma. Ili paneli ione 3.8, maji yangetakiwa kufika mita 4.75. Tangi lenyewe linaishia 4! Kwa hiyo pampu haizimi kamwe. Tangi linafurika usiku kucha, mlinzi anaamka anakuta shamba la mihogo limekuwa bwawa.

Mngelikamata vipi? Si kwa kifaa cha miliampia. Mkitumia kifaa kilekile saiti mtapata jibu lilelile la kiwandani, na mtakuwa mmepoteza siku. Saiti mnatumia maji. Jazeni tangi kweli, mteremshe futi kamba yenye uzito, mpime kina kwa mkono, mlinganishe na kinachoonekana kwenye paneli. Pimeni sehemu tatu: karibu na chini, katikati, karibu na juu. Sehemu moja haitoshi. Likiwa tupu kabisa, sensa hii yenye kosa ilisoma sawa, sifuri na sifuri. Kosa lilikuwa linakua kadiri maji yanavyopanda. Kuna kiwango cha IEC 62381 kinachozungumzia majaribio haya ya mifumo ya udhibiti, na kinatenganisha kiwandani, saiti, na jaribio la kuunganisha mifumo pamoja. Kutenganisha huko kuna sababu, na tangi hili ndilo sababu yenyewe.

Mkirudi kwenye karatasi ya kiwandani ya paneli ile mnakuta nini? Mnakuta "sensa ya kina: imefaulu". Hapo ndipo roho yangu iliponiuma. Ingeandikwa "ishara imeigizwa kwa kifaa, sensa yenyewe haikuwepo", fundi wa saiti angejua kazi bado ipo. Nawaomba, nawaomba sana, karatasi iseme kilichojaribiwa na iseme kile ambacho hakikujaribiwa.

Hilo linanifikisha kwenye namna ya kutunza rekodi, nanyi mtaniruhusu nikae hapa kidogo.

Karatasi ya jaribio huandikwa kabla ya jaribio. Namba inayotarajiwa iwe imeshachapwa na kukubaliwa kabla mtu hajagusa swichi. Mkiandika matarajio baada ya kuona matokeo, matokeo yote yatakuwa mazuri. Kisha kila mstari uwe na namba iliyosomwa, kifaa kilichosomea na namba ya kifaa hicho, saa, hali ya joto, na jina la aliyesoma.

Kwa nini hali ya joto? Wazee wa umeme wananielewa. Mota moja ilikaa ghala lililo karibu na bahari hapa kwetu, miezi minne, masika yote. Ile hita ndogo ya ndani ya mota, ya kuzuia unyevu, haikuunganishwa. Kiwandani insulesheni ilisoma zaidi ya megaomu 1,000 kwa joto la nyuzi 22. Saiti tukaitenga na paneli, maana mega ina volti 500 na ingeua vifaa vya elektroniki, tukapima: megaomu 8, joto nyuzi 30. Kijana mmoja akasema, mwalimu, kiwango cha IEEE 43 kinataka 5 kwa mota ndogo kama hii, tuna 8, tuwashe. Nikamwambia hiyo 5 ni kwa nyuzi 40. Insulesheni hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto. 8 kwa nyuzi 30 ni 4 kwa nyuzi 40. Haijafika. Tukaifunika turubai, tukaikausha kwa hita siku mbili, tukapima kila baada ya saa chache mpaka ikapanda zaidi ya 200. Kama tungeandika 8 tu bila joto lake, tungeiwasha, na pengine tungeiunguza.

Na lile jaribio lililofeli, mnalifanyaje karatasi yake? Kuna wanaoichana, wanaandika mpya. Msichane. Megaomu 8 ile ibaki kwenye faili, na marudio yawe karatasi nyingine yenye namba yake, kwa mfano `P2-SAT-03` na `P2-SAT-03-R1`. Fundi wa miaka mitano ijayo akikuta mota hiyo imeshuka tena atajua imewahi kunywa unyevu. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, weka herufi za jina lako na tarehe, namba ya zamani iendelee kusomeka. Kisanduku kisichohusika kisiachwe wazi, andika "haihusiki". Kisanduku kilicho wazi kitajazwa na mtu mwingine siku nyingine.

Kasoro nazo zina orodha yake, na kila kasoro ina mahali pa kuzuia. Nyingine huzuia pampu isitoke kiwandani, nyingine huzuia isiwashwe saiti, nyingine ni rangi iliyokwaruzika. Msizichanganye, kwa sababu mtu akiona rangi imezuia malipo, kesho atawaficha kubwa.

Programu ya paneli pia ni sehemu ya rekodi. Andikeni toleo lililojaribiwa kiwandani na mlisome tena saiti kwenye kioo. Likiwa tofauti, ulizeni nini kimebadilishwa, na kilichobadilishwa kijaribiwe upya. Sensa yetu ilirekebishwa kwa kubadili namba moja kwenye paneli, kutoka mita 4 kwenda mita 5. Namba hiyo moja ilipewa toleo jipya na karatasi mpya.

Nakala ziwe tatu: kwa mwenye mtambo, kwa mkandarasi, na moja ikae kwenye nyumba ya pampu. Hiyo ya nyumba ya pampu muilaminishe na kuining'iniza ukutani, mbali na sakafu. Mchwa wa huku mnawajua.

Sasa tusikae ndani mno. Nje uani kuna pampu ndogo tuliyoazimwa, na karatasi yake ya kiwandani ninayo hapa, ila nimekunja upande wenye namba. Kundi la kwanza, ninyi wa Masasi, mtaanza kwa kufungua kaplingi na kuangalia mota inazunguka upande gani. Kundi la pili mtafunga valvu, mtasoma geji mbili, mtafungua. Mkishaandika kimo chenu kwa kalamu ya wino, ndipo nitaikunjua karatasi.